Wikendi ya Jumamosi na Jumapili katika daftari la Kifaransa

Jumatatu moja mwanafunzi wangu wa kidato cha pili aliniletea daftari lake, na mstari wa kwanza ulisema hivi: «Samedi matin, à une heure, j'ai balayé la cour.» Kila neno lilikuwa sahihi. Hijai zilikuwa sahihi, alama zilikaa mahali pake, kitenzi kilikuwa katika wakati uliopita kama nilivyoagiza. Lakini Mfaransa akiusoma mstari huo atamwona msichana wa miaka kumi na mitano aliyeamka saa saba za usiku, giza totoro, kushika ufagio na kufagia uwanja.

Yeye alikuwa ameamka saa moja asubuhi, kama wanavyoamka wote pale mtaani. Akaichukua «saa moja», akaitafsiri neno kwa neno, na ndivyo alivyojikuta uani usiku wa manane.

Zoezi lenyewe ni la kila mwaka na kila shule inayofundisha Kifaransa inalijua: andika ukurasa wa shajara kuhusu wikendi iliyopita, na utumie maneno ya wakati uliyopewa. Safari ile niliwapa kumi na moja: «samedi matin», «vers sept heures», «d'abord», «puis», «ensuite», «pendant deux heures», «avant de», «tout à coup», «hier», «après avoir» na «enfin». Wanafunzi huiona orodha ya namna hiyo kama viungo vya kunyunyizia juu ya chakula kilichokwisha kuiva. Wanaandika habari yao kwanza, kisha wanarudi na kutupia «ensuite» hapa, «enfin» pale. Nami kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaambia kinyume chake, kwamba maneno hayo ndiyo mifupa ya habari. Sababu yake haimo katika Kifaransa peke yake, imo pia katika Kiswahili chetu.

Tuimalize kwanza habari ya saa, kwa kuwa ndiyo inayoharibu madaftari mengi zaidi. Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza na tena linapozama. Wafaransa wanaanza usiku wa manane. Tofauti ni saa sita, basi saa moja asubuhi ni «sept heures», saa tisa alasiri ni «trois heures de l'après-midi» au «quinze heures», na saa nne usiku ni «dix heures du soir». Mwanafunzi hahitaji hata kujumlisha. Simu yake inamwonyesha 07:00, naye kwa mazoea anaitazama namba saba huku akisema «saa moja». Akiandika Kifaransa aisome namba kama ilivyo kwenye kioo, basi. Akitaka kukadiria, sisi tunasema «kama saa moja» au «majira ya saa moja», na Kifaransa kinasema «vers sept heures».

Kuna mtego wa pili humo humo. «Saa mbili» kwetu ni wakati fulani wa siku, na katika mazungumzo ya kila siku ni muda pia: tulikaa sokoni saa mbili. Kifaransa nacho kinatumia neno moja, «heures», kwa yote mawili, ila kinatofautisha kwa neno dogo la mbele. «À huit heures» ni saa mbili asubuhi. «Pendant deux heures» ni muda wa saa mbili nzima. Kwa hiyo ukikutana na «saa mbili» katika habari yako ya Kiswahili, jiulize kwanza kama ni saa ya ukutani au ni muda uliopita. Ya ukutani inabadilika namba. Ya muda haibadiliki.

Sasa nije kwenye mifupa niliyoitaja. Nilimwambia yule binti anisimulie Jumamosi yake kwa Kiswahili, kwa mdomo, kama angemsimulia shangazi yake. Akasema: «Niliamka saa moja, nikafagia uwanja, nikachemsha chai, nikaenda sokoni na mama, tukanunua samaki, tukarudi.» Nikamwomba arudie polepole, na safari hii nikaandika ubaoni vitenzi peke yake. Darasa zima likaona. Baada ya «niliamka», kila kitenzi kilibeba «ka». Nikafagia. Nikachemsha. Nikaenda. Tukanunua. Hakusema «halafu» hata mara moja, wala «baada ya hapo», wala «kisha», na bado kila aliyemsikiliza alijua nini kilitangulia na nini kilifuata.

Hiyo «ka» ni hazina. Kwa silabi moja inakuambia kwamba tendo hili limefuata lile, kwa mpangilio huu huu, katika wakati ule ule uliopita. Kifaransa hakina kitu cha namna hiyo ndani ya kitenzi. «J'ai balayé» ni nilifagia, ni nimefagia, na ni nikafagia. Umbo ni lile lile, linalojulikana vitabuni kama «passé composé», na halisemi lolote kuhusu kilichotangulia au kilichofuata. Mwanafunzi wetu akimwaga vitenzi vyake kama alivyozoea, anapata «J'ai balayé la cour. J'ai préparé le thé. Je suis allée au marché. Nous avons acheté du poisson.» Kwake yeye anasikia «ka» ndani yake, kwa sababu anaisoma kwa sikio la Kiswahili. Msomaji wa Kifaransa anasikia vipande vinne vilivyopangwa kama bidhaa kwenye meza.

Hapo ndipo «d'abord», «puis» na «ensuite» zinapofanya kazi ya «ka». «D'abord» ni kwanza, linafungua mlolongo. «Puis» na «ensuite» zote ni kisha, na tofauti yake kwa mwanafunzi ni ndogo: «puis» ni jepesi, linaunga tendo na tendo lililo jirani yake ndani ya sentensi moja, na «ensuite» hupenda kufungua sentensi mpya na hatua mpya. Kwa hiyo «D'abord, j'ai balayé la cour, puis j'ai préparé le thé. Ensuite, je suis allée au marché.» Kazi za nyumbani zimekaa pamoja, safari ya sokoni imeanza upya. Lakini usiweke neno la kuunga mbele ya kila kitenzi. «Ka» zetu kumi mfululizo zinateleza masikioni, ila «ensuite» kumi mfululizo zinachosha. Tatu au nne zinatosha ukurasa mzima, na «et» inachukua zilizobaki.

Nikamuuliza tena: «Na alasiri?»

«Alasiri nilikuwa nikianika nguo, mara mvua ikaanza kunyesha.»

Sentensi hiyo ningeinunua kwa fedha. Ndani yake mna nyakati mbili, na Kiswahili kinazitenga kwa uwazi kuliko hata vitabu vya sarufi tunavyotumia. «Nilikuwa nikianika» ni tendo lililokuwa likiendelea, halina mwanzo wala mwisho unaoonekana. «Ikaanza» ni tendo lililoingia na kulikata lile la kwanza. Kifaransa kinatumia umbo jingine kabisa kwa lile linaloendelea, linaloitwa «imparfait», na «passé composé» kwa lile linalokata: «J'étendais le linge quand, tout à coup, il a commencé à pleuvoir.» Na neno letu «mara» ndilo «tout à coup». Mwanafunzi anayejua mahali pa «mara» katika hadithi za bibi yake tayari anajua mahali pa «tout à coup». Huwa linatangulia tendo linalokata.

Katika daftari, hata hivyo, alikuwa ameandika «J'ai étendu le linge et il a plu». Maana yake nguo alishamaliza kuanika, kisha mvua ikanyesha. Yule mtoto aliyesimama na kibanio mdomoni, shati moja mkononi na jingine kambani, ametoweka.

Basi ninawapa alama moja ya kutazama. Kabla ya kuandika Kifaransa, sema sentensi yako kwa Kiswahili. Ukisikia «nilikuwa niki-», «nilikuwa nina-», «kulikuwa na» au «alikuwa amechoka», yaani ukisikia «kuwa» imejitokeza, basi kwa kawaida unahitaji «imparfait». Kulikuwa na watu wengi ni «il y avait beaucoup de monde». Bibi alikuwa amechoka ni «elle était fatiguée». Ukisikia «li» tupu au «ka», yaelekea ni «passé composé».

Alama hiyo ina mpaka wake, na ni lazima usemwe. Nilikuwa mgonjwa siku mbili: «kuwa» imo, lakini Kifaransa kinasema «j'ai été malade pendant deux jours». Ule muda umefungwa, una mwanzo na mwisho, na «pendant» yenye hesabu ya siku au saa huvuta «passé composé». Ndiyo maana «kukaa sokoni saa mbili» ni «nous sommes restées pendant deux heures», wala si «nous restions». Kwa habari ya wikendi hii moja, ukiona «pendant» na namba nyuma yake, tumia «passé composé».

Wanafunzi wengi huichanganya «pendant» na ndugu zake wawili. «Depuis» ni tangu, na inaeleza jambo ambalo bado linaendelea: «j'habite ici depuis 2019», nimekaa hapa tangu 2019, na bado nipo. Angalia kwamba sisi tunasema «nimekaa» na wao wanatumia wakati uliopo, «j'habite». Wikendi imekwisha, kwa hiyo «depuis» haina kazi kubwa katika zoezi hili, na inapojitokeza mara nyingi ni kosa. «Il y a» ikifuatwa na muda ni «zilizopita»: «il y a deux jours», siku mbili zilizopita. Inafanana kwa sura na ile «il y a» ya «kuna», na hakuna njia ya kuzitenga ila kutazama kinachofuata, kama ni muda au ni kitu.

Jambo linaloonekana dogo kuliko yote ni lile la «le». «Le samedi, je vais au marché» ni kila Jumamosi naenda sokoni, ni mazoea. «Samedi, je suis allée au marché» ni Jumamosi moja, hii iliyopita. Herufi mbili zinageuza siku moja kuwa desturi ya mwaka mzima. Kwa hiyo katika shajara ya wikendi andika «samedi matin», bila «le» mbele. Kama unataka kukazia, «samedi dernier», na «dernier» ikae nyuma ya siku. Majina ya siku na miezi kwa Kifaransa huandikwa kwa herufi ndogo, isipokuwa yanapofungua sentensi. Nasi tumezoea kuandika Jumamosi kwa herufi kubwa, basi mkono unakwenda wenyewe.

Usiku wa kati ya siku hizi mbili una taabu yake. Kwa wazee wetu wa Pwani siku huanza magharibi, na ukisema «usiku wa Jumapili» kwa hesabu hiyo, huenda unakusudia ule unaofuata jua la Jumamosi kuzama. Ndiyo maana tunasema «usiku wa kuamkia Jumapili» ili pasitokee utata. Kifaransa hakina utata huo: jioni ya Jumamosi mpaka watu walale ni «samedi soir», na kama tukio lilikuwa katikati ya usiku, «dans la nuit de samedi à dimanche». Hiyo ya pili ndiyo tafsiri nzuri kabisa ya «usiku wa kuamkia».

Vitenzi vya kwenda na kurudi nitavipitia haraka, maana kila kitabu kinavyo. «Aller», «arriver», «rentrer», «rester», «partir» na wenzao huchukua «être», pamoja na vile vya kujifanyia mwenyewe kama «se lever» na «se coucher». Vikichukua «être», mwisho wa neno hufuata aliyetenda: mvulana ataandika «je suis allé», msichana «je suis allée», mama na binti yake «nous sommes restées». Matamshi ni yale yale, kwa hiyo sikio halisaidii, na ni jicho tu litakalogundua.

Sasa shajara yenyewe. Shajara ina tarehe, na tarehe hiyo ndiyo nanga ya kila neno la wakati. Ukiandika Jumatatu, «hier» ni Jumapili na «avant-hier», yaani juzi, ni Jumamosi. Ukisahau daftari nyumbani ukaja kuandika Jumatano, «hier» imekuwa Jumanne na wikendi yako yote imeporomoka. Nimeona shajara zenye tarehe ya Jumatano zinazosema «hier, je suis allée à l'église». Inawezekana, lakini sivyo mwandishi alivyokusudia. Tarehe ya juu ikibadilika, «hier» lazima irudi kuwa «dimanche».

Binti aliandika upya usiku ule ule, na hivi ndivyo ukurasa ulivyokuwa baada ya masahihisho:

«Lundi 13 octobre. Cher journal, samedi matin, je me suis levée vers sept heures. D'abord, j'ai balayé la cour, puis j'ai préparé le thé. Ensuite, je suis allée au marché avec ma mère. Nous sommes restées là-bas pendant deux heures parce qu'il y avait beaucoup de monde. Avant de rentrer, nous avons acheté du poisson. L'après-midi, j'étendais le linge quand, tout à coup, il a commencé à pleuvoir. J'ai vite ramassé les uniformes, mais ils étaient déjà mouillés. Hier, après avoir mangé, j'ai rendu visite à ma grand-mère. Elle était fatiguée mais contente. Enfin, le soir, j'ai révisé ma leçon et je me suis couchée à dix heures.»

Tazama «avant de rentrer», kabla ya kurudi. Hapo Kiswahili na Kifaransa vinakwenda sambamba kabisa, «kabla ya» na kitenzi kisichobadilika, na wanafunzi hawakosei. Kwa «baada ya» njia zinaachana. Sisi tunasema «baada ya kula», na wengi huandika «après manger». Mitaani Ufaransa utalisikia hilo, lakini ukitumia njia hiyo kwa kitenzi kingine utakwama. Umbo la kuandika ni «après avoir mangé», baada ya kuwa nimekula, na kwa vitenzi vya «être» ni «après être rentrée». Aliyekula na aliyemtembelea bibi lazima awe mtu mmoja. Kama mama ndiye aliyekula na binti ndiye aliyetoka, umbo hilo halifai.

Tazama pia «j'ai rendu visite à ma grand-mère». Sisi tunatembelea bibi na tunatembelea makumbusho kwa kitenzi kimoja. Wao «visiter» wanaiweka kwa mahali, na mtu «on lui rend visite». Kuandika «j'ai visité ma grand-mère» ni kumfanya bibi kama jengo la kale.

Na «enfin» ya mwisho: hapa ni «mwishowe», tendo la kufungia mlolongo ulioanza na «d'abord». Jirani yake «finalement» hutumika mambo yanapoishia tofauti na yalivyopangwa: tulitaka kwenda ufukweni, lakini «finalement» tumebaki nyumbani. Hakukuwa na mpango uliogeuka katika Jumapili ya binti huyu, kwa hiyo «enfin» ndiyo sawa.

Ukurasa ule una maneno mia moja na zaidi kidogo. Katika mtihani wa DELF wa ngazi ya A2, sehemu ya kuandika ina kazi mbili kwa dakika 45, na ya kwanza ni hii hii, kusimulia tukio au jambo lililokupata, kwa maneno yasiyopungua 60. Anayeweza kuandika wikendi yake hivi ana akiba ya kutosha, na dakika za ziada azitumie kupitia miisho ya «être» kwa jicho.

Nilimrudishia daftari Jumatano, na pembeni, mkabala na mstari wa sare zilizolowa, nilikuwa nimeandika kwa kalamu ya kijani: «Et les uniformes?» Jumatatu wangevaa nini yeye na wadogo zake? Alisoma, akafikiri, akauma kalamu.

«Madame, zilikauka kesho yake. Naandika «demain»?»

«Kesho ya kutoka wapi?»

«Ya kutoka Jumamosi.»

«Demain» ni kesho ya kutoka leo tunaposema. Kesho yake, ya kutoka siku ile tunayoisimulia, ni «le lendemain», na ile yake inayowaendea wao ni «yake» yetu hii hii. Hakunijibu. Aliinama akaandika katika nafasi ndogo iliyobaki chini ya «mouillés»: «Ils ont séché le lendemain, près du feu.»